Saa nane ya nani? Kuandika tukio la majeruhi wengi tangu getini hadi kila mmoja alipoishia

"Shikamoo dokta. Mimi ni muuguzi hospitali ya wilaya, huku kandokando ya ziwa. Mwezi uliopita tulipokea majeruhi wengi kwa mpigo, na mganga mfawidhi amenipa kazi ya kuandika maelezo ya tukio lote, tangu mapokezi hadi kila mmoja alipoishia. Nina vikaratasi, picha za ubao, na wenzangu kila mmoja ana saa yake. Naanzia wapi? Na aliyepewa rangi moja kisha ikabadilika, naandika ipi?"
Muuguzi, mkoa wa Mwanza

Marahaba, mdogo wangu. Anza na saa, kabla hujagusa majina wala zile rangi za kupanga nani atangulie kutibiwa. Saa zikikaa sawa, mengine mengi yatajipanga yenyewe. Zikikaa vibaya, hata kazi nzuri mliyoifanya siku ile itaonekana ya ovyo.

Nitakueleza kwa nini nasema hivyo. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa zamu katika hospitali moja ya rufaa. Yapata saa kumi alasiri akaletwa kijana mvuvi, mguu umekatwa na mapanga ya injini ya mtumbwi, amefungwa kamba juu ya goti kuzuia damu. Karatasi ya rufaa iliandikwa: "Amefungwa saa 7:40." Daktari wa upasuaji aliyeisoma alihesabu tangu asubuhi. Kwa hesabu yake mguu ulikuwa umekosa damu zaidi ya saa nane, na mguu wa namna hiyo mtu anaanza kufikiria kuukata. Zaidi ya hapo, ile dawa ya kupunguza kutokwa damu, asidi ya traneksamiki, inafaa ikianza kutolewa ndani ya saa tatu tangu mtu aumie. Baada ya hapo haimsaidii, na inaweza kumdhuru. Kwa karatasi ile, kijana alikuwa amepitwa na muda mbali sana.

Aliyetuokoa ni dereva wa gari la wagonjwa. Alikuwa amesimama mlangoni anasubiri machela yake, akasema, "Dokta, hii ajali imetokea watu wametoka kuswali adhuhuri." Basi ile 7:40 ilikuwa saa saba na dakika arobaini mchana, yaani 13:40. Mguu ulikuwa umefungwa kwa saa mbili na dakika ishirini, siyo nane na ushee. Dawa tukaanza kumpa 16:15, zikiwa hazijabaki hata dakika ishirini na tano muda wake uishe.

Aliyeandika ile karatasi hakusema uongo. Aliandika kama tunavyosema. Sisi siku tunaihesabu tangu jua lichomoze, lakini mashine ya kupima oksijeni, simu na fomu nyingi za hospitali zinahesabu tangu usiku wa manane. Katika tukio la majeruhi wengi mambo hayo mawili yanachanganyika ndani ya karatasi moja: muuguzi anapaza sauti "saa tisa na robo!", mwandishi mmoja anaandika 15:15, wa pili anaandika 9:15. Kwa hiyo kila saa kwenye maelezo yako iwe na tarakimu nne, kuanzia 00:00 hadi 23:59. Saa nane mchana ni 14:00. Saa moja jioni ni 19:00. Saa nane usiku ni 02:00, na hapo tarehe imeshageuka. "Usiku wa kuamkia Jumapili" tunaelewana tukiongea, ila kwenye karatasi andika tarehe yenyewe, maana msomaji wa mbali atashindwa kujua kama unamaanisha kabla au baada ya saa sita usiku.

Sasa hivyo vikaratasi vyako. Vipange mezani na kila kimoja ukiulize: saa hii ilitoka kwenye saa gani? Saa ya ukutani mapokezi inaweza kuwa mbele kwa dakika sita, monita ya thieta ikawa nyuma kwa kumi na moja. Chagua moja iwe saa ya tukio. Mimi huchagua saa ya simu iliyo kwenye mtandao, kwa sababu hiyo hailegei betri ikichoka. Zingine zilinganishe nayo leo hii na uandike tofauti uliyoikuta, pamoja na tarehe uliyolinganisha. Usizirekebishe kimoyomoyo. Andika "15:02 kwa monita, takriban 15:13 kwa saa ya tukio", ili atakayetaka kukagua aone ulivyofika hapo.

Kwenye kumbukumbu za wenzako watapishana, na hilo ni la kawaida; mtu aliyekuwa amebana jeraha kwa mikono miwili hakuwa anatazama ukuta. Tafuta vigingi, yaani saa ambazo hazikutegemea kumbukumbu ya mtu. Kitabu cha mlinzi getini ni hazina ambayo wengi wanaisahau: kina namba ya gari na saa ya kuingia. Simu ya kwanza kwa dereva wa gari la wagonjwa imo kwenye orodha ya simu za aliyepiga. Maabara wana saa ya kupokea ombi la damu, thieta wana rejesta yao, mochwari wana yao. Picha za ubao nazo ni vigingi, lakini angalia: picha uliyotumiwa kwa WhatsApp inakuonyesha saa uliyotumiwa, siyo saa iliyopigwa. Mrudie aliyeipiga, afungue picha ya asili kwenye simu yake mwenyewe.

Ukishapigilia vigingi hivyo, kumbukumbu za watu zinapata mahali pa kukaa: "ilikuwa baada ya pikapu ya pili kuingia, kabla damu haijafika" ni kauli unayoweza kuiweka kati ya 14:36 na 15:20 bila kubuni chochote. Pale ambapo bado hujui, andika "takriban" na umtaje aliyekuambia. Watu wawili wakitofautiana, andika kauli zote mbili.

Baada ya saa, watu. Hapa lugha yetu inatuponza. "Majeruhi alipelekwa thieta." "Aliongezewa damu." "Ilionekana apewe rufaa." Sentensi nzuri kabisa, na hakuna mtu ndani yake. Nani alimpeleka? Nani aliona? Vivyo hivyo ile "tulimpa": sisi akina nani? Kila unapokuta kitenzi cha namna hiyo kwenye rasimu yako, simama umtafute mtendaji. Mara nyingi utawakuta wawili, aliyeamua na aliyefanya, na wote waandikwe. Daktari aliagiza damu, muuguzi akaitundika. Ikitokea damu imechelewa dakika arobaini, msomaji aone kama uchelewaji ulikuwa kwenye uamuzi, kwenye maabara au kitandani.

Pia tofautisha kada ya mtu na jukumu lake siku ile. Mkunga anaweza kuwa ndiye aliyesimama mlangoni akipanga majeruhi, kwa sababu ndiye mzoefu aliyekuwepo. Karani wa mapokezi anaweza kuwa ndiye mwandishi wa tukio. Andika jina, kada, jukumu, na saa jukumu lilipoanza. Halafu andika lilipokabidhiwa. Uongozi wa tukio hubadilika mikono, mganga mfawidhi akifika kutoka mkutanoni au zamu ya jioni ikiingia, na hapo ndipo maagizo hupotea. Mstari mmoja unatosha: "15:40, uongozi wa tukio: daktari wa zamu amkabidhi mganga mfawidhi. Yaliyobaki: damu ya Na. 07, simu ya rufaa ya Na. 02."

Ili tusiongee hewani, chukua tukio nililolitunga kwa kufundishia. Tarehe 12, saa saba na nusu hivi mchana, mtumbwi wa abiria unapinduka karibu na mwalo mmoja kusini mwa ziwa. Wavuvi wanaopoa watu, pikapu mbili na bodaboda kadhaa zinawaleta hospitali. Kwa jumla watafika 19, ila hilo hakuna anayelijua pikapu ya kwanza inapoingia getini. Mwanzo wa maelezo unasomeka hivi, majina nikiwa nimeyaacha:

14:18. Pikapu ya kwanza yaingia, watu 7. Chanzo: kitabu cha getini.

14:19. Daktari wa zamu atangaza tukio la majeruhi wengi, achukua uongozi wa tukio. Amteua mkunga kuwa mpangaji wa majeruhi, karani wa mapokezi kuwa mwandishi.

14:23. Na. 01, mwanamke, miaka kama 25. Anatembea. KIJANI. Mpangaji: mkunga.

14:24. Na. 02, mtoto wa kiume, miaka kama 4. Hapumui, mapigo ya moyo yapo. Pumzi 5 kwa mfuko wa hewa, muuguzi wa mapokezi. 14:25 aanza kupumua. NYEKUNDU. Mpangaji: mkunga.

14:27. Na. 03, mwanaume, miaka kama 35, jezi ya kijani, kovu kwenye nyusi ya kushoto. Hapumui hata baada ya njia ya hewa kufunguliwa. NYEUSI. Mpangaji: mkunga.

Ona kwamba rangi haisimami peke yake. Mbele yake kuna kilichoonekana. "Nyekundu, hali mbaya" haimsaidii mtu. "Nyekundu, anapumua mara 36 kwa dakika" inamsaidia kila atakayefuata, kwa sababu anaweza kupima tena na kujua kama mgonjwa anapanda au anashuka. Kwa mtu mzima, mpangaji wa triaji ya haraka anatazama vichache tu: anatembea, anapumua, anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, mapigo ya kifundo cha mkono yanashikika, anafuata maelekezo mepesi kama "nibane mkono". Andika kile kimoja kilichoamua rangi, inatosha. Mlangoni hakuna muda wa zaidi.

Namba nayo itolewe kwa kila anayevuka mlango, awe hai au maiti, awe anajulikana au hajulikani, na isirudiwe hata mwenye nayo akiondoka. Jina linakuja baadaye. Siku ya tukio utapata Neema wawili, na kati ya wanaoletwa hoi wako ambao jina lao ni la kuhisiwa na abiria mwenzao. Jina likipatikana, ongeza mstari: nani amemtambua, ana uhusiano gani naye, saa ngapi. Ule mstari wa "mwanaume, miaka kama 35, jezi ya kijani" uuache palepale ulipo. Nitaurudia.

Sasa swali lako la rangi. Naomba nikae nalo kidogo, maana ndilo linaloharibu maelezo mengi. Mfuate Na. 11, msichana wa miaka 17 hivi. Alimeza maji, akaopolewa, akaja akitembea mwenyewe.

14:41. Na. 11 anatembea, anakohoa kidogo, anapumua mara 22. KIJANI. Mpangaji: mkunga. Aelekezwa benchi la kijani, chini ya muuguzi wa wodi ya watoto.

Kati ya 14:41 na 16:05 hakuna kipimo kilichopatikana.

16:05. Anapumua mara 28, oksijeni ya damu asilimia 91, anakohoa povu. Aliyepima: muuguzi wa benchi la kijani. NJANO. Aliyeamua: afisa tabibu, kiongozi wa eneo la njano.

16:50. Anapumua mara 38, oksijeni asilimia 83. NYEKUNDU. Aliyeamua: daktari wa eneo jekundu. Oksijeni lita 10 kwa dakika, maski yenye mfuko; aliyeweka: muuguzi wa eneo jekundu. 16:58 asilimia 92.

Je, rangi yake ni ipi? Zote tatu, kila moja na saa yake. Ukiandika nyekundu peke yake, unamshitaki mkunga kwamba alimwacha mgonjwa mahututi kwenye benchi kwa saa mbili, na hakufanya hivyo. Saa 14:41 binti alikuwa kijani kweli. Ukiandika kijani peke yake, hospitali ya rufaa itashangaa kwa nini mnawatumia mtu wa kijani usiku. Mabadiliko yenyewe ndiyo ugonjwa wake. Maji yakiingia mapafuni huosha ule utando mwepesi unaozuia vifuko vya hewa visishikane, na majimaji huanza kujaa taratibu kwa saa kadhaa. Ndiyo maana aliyezama, hata akitembea na kucheka, huangaliwa kati ya saa sita na nane kabla ya kuruhusiwa. Mtu anayesoma mistari ile mitatu kwa mpangilio anaona mapafu yakijaa.

Na ule mstari usio na kipimo, ambao watu wengi wangetamani kuufuta? Uache. Dakika themanini na nne hakuna aliyempima binti aliyekuwa amezama. Utashawishika kuandika "aliendelea vizuri", kwa sababu huenda aliendelea vizuri. Lakini hakuna aliyetazama, kwa hiyo huwezi kusema. Pengo hilo ndilo litakalomwonyesha mganga mfawidhi kwamba benchi la kijani lilikuwa na watu kumi na muuguzi mmoja. Ukilijaza kwa maneno, tukio lijalo benchi litabaki na muuguzi mmoja.

Kwa hiyo mstari ulioandikwa haufutwi wala haurekebishwi juu kwa juu. Ukikosewa, ukate kwa mstari mmoja ili maneno ya awali yaendelee kusomeka, andika yaliyo sawa pembeni, tia sahihi yako na saa. Na kwa kuwa wewe unaandika mwezi mmoja baadaye, kila unachoongeza sasa kiwe na alama: "kimeandikwa baadaye", tarehe na saa ya leo, na chanzo. Usikinakili kama vile kiliandikwa siku ile. Vile vikaratasi vya asili, hata chenye damu, hata kile kilichoandikwa nyuma ya boksi la glovu, piga picha kisha uvihifadhi kwenye bahasha moja pamoja na maelezo yako. Ni taarifa za wagonjwa, kwa hiyo zikae kwenye faili la tukio na picha zisizunguke kwenye makundi ya simu.

Kuhusu kadi nyeusi kuna jambo moja linalokosewa sana. Mkunga alipompa Na. 03 kadi nyeusi 14:27, hakuthibitisha kifo. Alisema tu kwamba kwa wakati ule, kwa mikono iliyokuwepo, mtu huyu hatatangulizwa. Kifo kinathibitishwa na daktari, kwa mstari wake: "15:02, Na. 03, hakuna mapigo, hakuna pumzi, mboni zimepanuka na hazijibu mwanga. Kifo kimethibitishwa na daktari wa zamu." Kisha mstari wa tatu: "15:30, mwili wakabidhiwa kwa mhudumu wa mochwari ukiwa na Na. 03 mkononi." Kati ya 14:27 na 15:02 kuna dakika thelathini na tano, na mtu anaweza kuuliza kama kuna aliyerudi kumtazama. Ikiwa mpangaji alirudi 14:50, andika. Ikiwa hakurudi, saa zenyewe zitasema. Usiunganishe mistari mitatu kuwa "alifika akiwa amefariki".

Rufaa nayo ina mistari mingi kuliko watu wanavyodhani. Ya Na. 11 ilikwenda hivi: 17:05 daktari wa eneo jekundu aamua rufaa, 17:12 mratibu wa rufaa apiga simu, jina na kada ya aliyepokea, 17:40 gari laondoka na muuguzi mmoja na mtungi wa oksijeni, oksijeni ya damu asilimia 93, 19:05 akabidhiwa Mwanza, jina la aliyempokea. Wengi huishia 17:40. "Amepelekwa Bugando" au "amepelekwa Sekou Toure" inaeleza gari lilielekea wapi, haielezi mgonjwa alifika vipi. Zamani, kabla ya daraja la Kigongo na Busisi, tulikuwa pia na mstari wa kusubiri kivuko, na mara nyingine ndio uliokuwa mrefu kuliko yote. Anayesafirisha mgonjwa kutoka Ukerewe bado anauhitaji.

Fomu ya polisi, PF3, ipe mstari wake mfupi: ililetwa saa ngapi na askari yupi, kwa majeruhi namba ngapi. Ikifika baada ya matibabu, andika hivyohivyo. Matibabu ya dharura hayaisubiri.

Tuje kwenye kufunga hesabu. Sisi wa ziwa hili tuna sababu ya kuwa waangalifu hapa. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa kwenye orodha, na hadi leo idadi ya waliopotea inatajwa kwa kukadiria. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, mtu mmoja alitolewa akiwa hai siku mbili baadaye kutoka ndani ya kivuko kilichokuwa kimelala tumbo juu. Kwa hiyo usiandike "waliokuwemo walikuwa 19". Wewe unajua waliofika kwako. Idadi ya waliopanda ni kauli ya nahodha au ya mwenyekiti wa kijiji, na iandikwe kama kauli yao, pamoja na saa waliyoitoa, kwa sababu kesho wataibadilisha. Wala usiandike "tukio limefungwa" kwa sababu mapokezi yametulia. Andika: "22:00, kiongozi wa tukio asitisha mapokezi maalumu. Idadi hadi saa hii."

Idadi hiyo lazima ijumlike. Kwenye mfano wetu, mlangoni walipangwa nyekundu 4, njano 4, kijani 10, nyeusi 1: jumla 19. Saa 22:00 waliruhusiwa 9, wamelazwa 4, wamepewa rufaa 3, wamefariki 2, yaani Na. 03 na Na. 07 aliyefia eneo jekundu 15:48. Jumlisha: 18. Mtu mmoja hayupo.

Hapo ndipo utajua kama namba zako zilikuwa za kweli. Usimtafutie mahali pa kumchomeka, eti "labda aliruhusiwa". Pitia namba moja hadi kumi na tisa kwa kidole, ukiweka alama kila yenye mstari wa mwisho. Isiyo na mstari wa mwisho ni Na. 16: mwanaume, miaka kama 30, kijani 14:55, alipimwa 16:20 anapumua mara 20, oksijeni asilimia 97. Mstari unaofuata wa muuguzi wa benchi la kijani: "17:30, Na. 16 hayupo kwenye benchi." Basi anaandikwa hivyo: hayupo tangu 17:30, hajaruhusiwa, hatima yake haijajulikana. Na kwa kuwa alizama, kiongozi wa tukio anaagiza atafutwe, naye mratibu anampigia simu mwenyekiti wa kitongoji 22:06. Mistari yake ya mwisho ni hii:

22:35. Na. 16 arudishwa na mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa mwaloni akimtafuta kaka yake. Anapumua mara 20, oksijeni asilimia 96. Aliyempima: muuguzi wa zamu ya usiku.

22:41. Na. 16 amweleza karani wa meza ya ndugu: kaka yake ana miaka 36, alivaa jezi ya kijani, ana kovu juu ya jicho la kushoto. Karani apitia orodha, amwita daktari.

22:50. Na. 03 atambuliwa mochwari na mdogo wake, Na. 16. Waliokuwepo: daktari wa zamu, mhudumu wa mochwari.

Tarehe 13, 06:30. Na. 16 aruhusiwa na daktari wa zamu. Oksijeni asilimia 98. Waliofika 19: wameruhusiwa 10, wamelazwa 4, rufaa 3, wamefariki 2.